Maandishi ya nyuma ya picha

Mwandiko au saini iliyo nyuma ya picha, ikitumiwa kama ushahidi wa utambulisho wa waliopigwa picha. Saini huweza kuwa ya mtoaji zawadi, wala si ya anayeonekana. Wino wa kalamu ya bolpeni kwenye picha ya 1880 unaonyesha jina liliongezwa miongo mingi baadaye, pengine kwa kukisia tu. Mfano mzuri ni picha ya Aden iliyotangazwa Ufaransa mwaka 2010 kwamba inamwonyesha mshairi Arthur Rimbaud. Nyuma yake paliandikwa jina la hoteli, Hôtel de l'Univers. Hilo lilitambulisha mahali, lakini halikutaja mtu yeyote. Hivyo waliomtambua Rimbaud walitegemea sura na tarehe, na wataalamu wengine walipinga.