Marekebisho ya Dixon na Coles katika Modeli ya Poisson ya Mabao, 1997

Mwaka 1982 Maher alionesha kwamba mabao ya mechi ya soka yanaweza kukadiriwa kwa mitawanyo miwili ya Poisson isiyotegemeana. Wastani wa kila mtawanyo hutokana na nguvu ya ushambuliaji ya timu moja na udhaifu wa ulinzi wa nyingine. Mark Dixon na Stuart Coles wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliirejea modeli hiyo mwaka 1997 kwa kutumia mechi za Uingereza. Walibaini kwamba dhana ya kutotegemeana huvunjika hasa katika matokeo manne: 0–0, 1–0, 0–1 na 1–1.

Badala ya kuibomoa modeli nzima, walizidisha uwezekano wa matokeo hayo kwa vizidisho vyenye kigezo kimoja, ρ. Ikiwa wastani wa mwenyeji ni λ na wa mgeni ni μ, vizidisho, kwa mpangilio uleule, ni:

```
1 - λμρ,  1 + μρ,  1 + λρ,  1 - ρ
```

Tuseme λ ni 1.4, μ ni 1.0 na ρ ni -0.1. Uwezekano wa 0–0 hupanda kutoka 0.0907 hadi 0.1034, na wa 1–1 kutoka 0.1270 hadi 0.1397. Ule wa 1–0 hushuka hadi 0.1143, na wa 0–1 hadi 0.0780. Kila badiliko ni 0.0127. Kwa kuwa kinachoongezwa hapa hupunguzwa pale, mtawanyo wa mabao ya kila timu peke yake haubadiliki hata kidogo; kinachobadilika ni uhusiano wao tu. Sare hupata 0.0254, na ushindi wa kila upande hupungukiwa nusu ya kiasi hicho. Hapa ndipo ulipo umahiri wa hoja yao.

Suala la wakati lilikuwa gumu zaidi. Kila mechi ya zamani ilipewa uzito wa exp(-ξt), t ikihesabiwa kwa nusu-wiki. Kigezo ξ hakikuweza kuchaguliwa kwa njia ileile iliyokadiria vigezo vingine, kwani kadiri ξ inavyokua, jumla ya uzito hupungua, na jumla ya logi, ambayo ni hasi, husogea kuelekea sifuri bila modeli kuwa bora. Kwa hiyo walipima utabiri: modeli ilikadiriwa kwa mechi zilizotangulia tu, kisha ikajumlishwa logi ya uwezekano iliokuwa imeupa ushindi, sare au kushindwa kulikotokea kweli. Thamani iliyochaguliwa ilikuwa 0.0065, maana yake mechi hupoteza nusu ya uzito wake baada ya takriban wiki 53.

Hata hivyo, kalenda hiyo haitofautishi miezi ya mapumziko na miezi ya mashindano. Tena, timu iliyobadilisha nusu ya kikosi husahauliwa mechi zake kwa kasi ileile ya timu ambayo haikubadilisha mchezaji yeyote.