Ulemavu au ugonjwa kwenye CV: utaje wapi, na unyamaze wapi?

Tuchukue kijana mmoja wa Goma, tumtie hapa kwa mfano. Ana miaka 29, ana diploma ya ufundi wa kompyuta, kazi yake ni kuingiza data. Masikio yake hayasikii vizuri tangu utoto. Ameweka dosiye katika mashirika mengi, na kila mara anaona namba zisizojulikana zilimpigia. Akirudisha simu, hasikii wanachosema, mtu wa upande ule anakata. Mwishowe shirika linaita kandida mwingine.

Huyu kijana alijaribu njia ya kwanza: juu kabisa ya CV, chini ya jina, akaandika « Mimi ni mtu asiyesikia ». Ile haikumsaidia. Mwenye kusoma dosiye mia moja anatazama mistari ya kwanza tu, na mstari wa kwanza haukumwambia kama huyu anajua Excel. Ulimwambia shida, bila kumwambia afanye nini.

Shida yake ya kweli iko kwenye simu, na mahali pa simu ndipo pa kuirekebisha. Pembeni ya namba yake aliandika: « Tafadhali SMS, WhatsApp au barua-pepe ». Basi. Hakuna maelezo ya masikio, na nafasi ya juu imerudi kwa kazi anayoijua. Kwenye LinkedIn vilevile: chini ya jina ni kazi yake, njia ya kumpata iko kwenye maelezo.

Alipopata ujumbe wa kuitwa kwenye testi, hapo sasa ndipo alisema wazi. Alijibu siku ileile: « Nitafika. Sisikii vizuri, naomba maagizo ya testi yawe kwa maandishi, na kwenye mazungumzo nikae mbele ya anayeuliza. » Tazama vile ameandika: hali kwa maneno mawili, halafu anachohitaji. Jina la ugonjwa na historia ya hospitali havimo. Asingesema mapema, maagizo yangetolewa kwa mdomo, yeye angeanza dakika kumi nyuma ya wengine, na hakuna angejua juu ya nini. Mwenye kutembea na magongo anauliza vilevile kama chumba kiko chini au kwenye etaji.

Matangazo mengi ya kazi kwetu yanasema watu wanaoishi na ulemavu wanaombwa kuleta dosiye. Ukiona hivyo, unaweza kutaja, lakini kwenye barua ya kuomba kazi, kwa tangazo lile tu. Barua inaenda kwa shirika moja. LinkedIn inasomwa na kila mtu, na hata ukifuta, aliyeshapiga picha ya ukurasa anabaki nayo.

Ugonjwa usioonekana una njia yake. Mtu anayeishi na VIH hana haja ya kuandika popote. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki zake, na inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi. Mwajiri anaweza kuomba sertifika ya daktari, ndiyo, lakini ile karatasi inasema kama unaweza kazi au hapana. Mwombe daktari aandike hivyo, asiandike jina la ugonjwa.

Na kama uliacha kazi miezi sita kwa dawa za kifua kikuu, ukapona? Andika « mapumziko kwa sababu za afya, yamekwisha ». Usiongeze miezi kwenye kazi ya zamani ili kufunika nafasi ile. Mashirika yanapiga simu kwa mwajiri wa zamani na kulinganisha tarehe, na hapo kosa halitakuwa tena ugonjwa, litakuwa uongo.

Kuna mahali ambapo kunyamaza ni hatari. Mwenye kifafa akiomba kazi inayomtaka aendeshe pikipiki kwenda Masisi, lazima aseme kabla ya kutia sahihi, aulize kama kuna dereva. Kwa kazi ya biro, si lazima.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria namba 22/003 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu, inayokataza kuwabagua. Lakini kuonyesha kama walikukataa sababu ya ulemavu ni kazi ngumu, kwa maana barua ya kukataa, kama inakuja, haisemi sababu. Kwa hiyo chunga nakala ya kila ujumbe ulioandika ukiomba msaada kwa testi, pamoja na majibu na tarehe. Ukienda kwa inspekta wa kazi, atauliza karatasi kwanza.