Ubwoko ndani ya buku: namna sensa ya Wabelgiji ilifunga majina ya watu wa Rwanda

Tukizungumza juu ya desturi, mara nyingi tunasema «kabila» kama vile ni kitu kilichotoka kwa mababu na hakijaguswa na mtu. Safari hii tunapenda kuonyesha mahali ambapo jina la watu liliguswa sana, tena kwa kalamu ya kalani. Tunasema juu ya Rwanda. Nchi hiyo ya milima haiko mbali na historia yetu. Kuanzia mwaka 1925 Union Minière ilitafuta wafanyakazi kule na kuwaleta katika migodi ya Katanga. Hata Mwami Musinga, ambaye Wabelgiji walimwondoa kwenye kiti mwaka 1931, alikufa uhamishoni Moba mwaka 1944, wakati Moba ilikuwa bado ndani ya jimbo la Katanga.

Tuanze na neno lenyewe. Zamani Mnyarwanda akiulizwa ubwoko wake, kwa kawaida alijibu jina la ukoo: Abasinga, Abazigaba, Abagesera, Abanyiginya, Abega na mengine. Ndani ya ukoo mmoja mulikuwa Bahutu, Batutsi na Batwa pamoja. Haya majina matatu hayakuwa kama Balamba na Basanga hapa kwetu, ambao kila mmoja ana inchi yake na wazee wake. Bahutu na Batutsi walisema luga moja, waliishi kilima kimoja, waliheshimu mwami mmoja. Tofauti yao ilikuwa zaidi ya hali: ng'ombe, cheo, ukaribu na watu wa mwami. Na hali iliweza kubadilika. Familia ya Bahutu ikipata ng'ombe wengi, ikapata bwana mkubwa wa kuishika mukono na kuoa kwa Batutsi, kisha vizazi viwili vitatu watu waliihesabu kuwa ya Batutsi. Walikuwa na neno lake: kwihutura, kuvua Uhutu. Mwenye kufilisika naye aliweza kushuka. Halikuwa jambo la kila siku, lakini mulango ulikuwa wazi.

Tusidanganyane kusema zamani ilikuwa paradiso. Mwami Rwabugiri, aliyekufa mwaka 1895, alipanua ufalme na kutia machifu wake katika milima mingi. Wakati wake ndipo uburetwa uliingia, yaani kazi ya bure shambani mwa chifu, na kazi hiyo iliwaangukia Bahutu, wafugaji waliachiliwa. Kwa hiyo jina la Muhutu lilianza kuuma mbele ya muzungu kufika. Wabelgiji hawakulitunga. Walilikuta, wakalifunga.

Walilifunga namna gani? Kwanza kwa cheo. Walipoingia mwaka 1916 walikuta kwamba mahali pengi kilima kimoja kina machifu watatu: mmoja wa mashamba, mmoja wa malisho, mmoja wa askari. Yule wa mashamba mara nyingi alikuwa Muhutu. Mwananchi akionewa na mmoja, alikimbilia kwa mwingine. Kwa leta hayo yalikuwa fujo. Kuanzia mwaka 1926 wakaunganisha vyeo vitatu kuwa kimoja, na machifu Bahutu karibu wote wakaondolewa, juu walifikiri kwamba Batutsi wamezaliwa kutawala.

Pili kwa sensa, miaka ya 1933 na 1934. Sensa hiyo haikuwa ya kujua desturi. Leta ilitaka kujua wanaume wazima wenye nguvu ni wangapi, nani analipa kodi, nani anaenda kazi ya barabara. Kila mmoja akaandikwa, akapewa kitabu kidogo ambacho Wanyarwanda waliita ibuku, kama vile wazee wetu walisema buku. Ndani yake, karibu na jina la baba na la kilima, palikuwa na nafasi ya ubwoko. Hapo hawakuandika Umusinga ao Umwega. Waliandika Hutu, Tutsi ao Twa. Kwa hesabu hiyo Batutsi walikuwa karibu 15 kwa mia, Batwa 1 kwa mia, Bahutu wote wanaobaki.

Wengi wanasimulia kwamba mwenye ng'ombe 10 aliandikwa Mututsi na asiye nao Muhutu. Sheria hiyo haitoshi kueleza mambo. Maradhi ya ng'ombe ya miaka ya 1890 yaliacha wafugaji wengi bila kitu, na bado watoto wao waliandikwa Batutsi. Kwa sehemu kubwa mtu alisema mwenyewe, na chifu, majirani ao mapadri wakashuhudia. Ng'ombe walisaidia kuamua pale penye mashaka.

Tuchukue mfano wa kutunga. Ndugu wawili wa Abasinga, watoto wa baba mmoja Muhutu. Mkubwa amepata ng'ombe, ameoa binti wa Batutsi, na siku ya kuandika chifu anamshuhudia: anatoka na buku ya Tutsi. Mdogo anaishi na jembe: anaandikwa Hutu. Mwaka 1930 tofauti yao ilikuwa ya mali tu, na mdogo aliweza kumfuata kaka yake. Kisha sensa hawezi tena, hata akipata ng'ombe 50, juu mtoto anarithi neno lililo kwenye buku ya baba. Watoto wa mkubwa watabaki Tutsi hata wakiwa maskini. Ukoo mmoja, baba mmoja, lakini sasa kuna «makabila» mawili.

Neno hilo lilikuwa na bei. Shule ya Astrida, iliyotayarisha makalani na machifu, ilipokea zaidi watoto wa Batutsi. Mwaka 1959, kati ya machifu 45, 43 walikuwa Batutsi. Na angalieni jambo hili: mwaka 1957, viongozi Bahutu walipoandika Manifesto yao, hawakuomba neno lifutwe. Waliomba libaki, juu bila hilo, walisema, hesabu haitaonyesha nani amenyimwa nafasi. Vile, yule aliyefungwa na neno akalishika kuwa silaha.

Rwanda ilipata uhuru mwaka 1962, na karte mpya zikaendelea kuuliza ubwoko. Zilitumika kugawa nafasi za shule na kazi kwa hesabu. Mwaka 1990 Rais Habyarimana alitangaza neno litaondolewa. Mapatano ya Arusha ya mwaka 1993 yakasema vile vile. Halikuondolewa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabara, askari na interahamwe waliomba karte, na mwenye kuandikwa Tutsi aliuawa. Neno lilitolewa kwenye karte kisha mauaji hayo.

Je, karte peke yake iliua? Hapana. Burundi huru haikuandika ubwoko kwenye karte zake, na bado mwaka 1972 Bahutu wengi waliosoma waliuawa kule, kwa majina yaliyojulikana shuleni na kazini. Karatasi haileti chuki. Inafanya kazi ingine: inaondoa mashaka. Inamwezesha mtu asiyekujua, asiyetoka kilima chako, aamue wewe ni nani kwa dakika moja.

Hapa kwetu pia kalani wa kampuni aliandika kabila na asili ya kila mfanyakazi. Mtu aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi Lubumbashi, asiyeona Kasai hata siku moja, alibaki «wa Kasai» katika karatasi. Mwaka 1992 na 1993, wakati Wakasai walifukuzwa Katanga, wengi wao walipandishwa treni kwenda inchi ambayo waliijua kwa jina tu. Wazee wetu walituachia majina ya koo, ya vijiji, ya utani kati ya makabila. Mtu anapotuuliza asili yetu, tuna haki ya kumuuliza kwanza: unaandika wapi, na nani atasoma?