Vitenzi Tuli: Mbona "Anataka" Haikubali -ing?

Mwanamke amesimama mbele ya gunia la maharage sokoni Kasulu. Amevaa kitenge, anataka kilo mbili, na bei anaijua. Hakuna mtoto wa darasa la tano, awe wa Kasulu au wa Kibondo, atakayebabaika kwa maneno hayo. Kazi inaanza akiambiwa ayaandike kwa Kiingereza, maana jibu linalokubalika ni hili:

```
She is standing.
She is wearing a kitenge.
She wants two kilos.
She knows the price.
```

Yalinganishe. Kiswahili kimetumia -me- mara mbili, kisha -na- mara mbili. Kiingereza kimeweka umbo la kuendelea, lile lenye -ing, palepale penye -me-, na kikalikataa palepale penye -na-. Mambo yamepinduka kabisa. Lakini darasani mtoto amefundishwa kwamba -na- ndiyo -ing, na -me- ndiyo hali timilifu. Akiifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, sentensi zote nne atazikosa.

Vitenzi viwili vya mwisho ndivyo ninavyoviita vitenzi tuli. Havitaji tendo lenye mwanzo, mwendo na hatua. Vinataja jambo lilivyo: kujua, kutaka, kupenda, kuamini, kumiliki. Mwanafalsafa Zeno Vendler, katika makala yake ya mwaka 1957 kuhusu vitenzi na wakati, alivitenga na vitenzi vya shughuli, kama kukimbia, na vya kufikia kikomo, kama kufika kileleni. Walimu wengi husema "vitenzi vya hali", na nisingewapinga isingekuwa jambo moja: katika sarufi yetu neno "hali" lina kazi nyingine tayari. Tunasema njeo na hali, hali timilifu, hali ya kuendelea. Mwalimu akitamka "kitenzi cha hali hakiwekwi katika hali ya kuendelea", mwanafunzi amepewa neno moja kwa maana mbili ndani ya sentensi moja. "Tuli" tunalo tangu zamani, na somo la fizikia limeshalizoesha kwa umeme tuli. Kasoro yake ninaijua: anayetaka kitu kwa hamu moyo wake hautulii hata kidogo. Lakini kinachoitwa tuli hapa ni kitenzi, si moyo wa mtu.

Sasa tuingie kwenye swali la kuchagua herufi.

```
The woman ____ two kilos of beans now.
A. is wanting   B. wants   C. want   D. wanted
```

Anayechagua A si mvivu. Ameona neno la mwisho, lenye maana ya "sasa", akakumbuka alivyofundishwa kwamba neno hilo huvuta -ing. Tena kichwani mwake sentensi inasomeka "anataka sasa", yenye -na-, kwa hiyo ushahidi umekuwa wa pande mbili. Mtunzi wa swali analijua hilo, ndiyo maana neno hilo akaliweka. Jibu ni B, kwa kuwa "sasa" inaeleza tu ni lini mama huyo ana haja ya maharage. Haigeuzi haja kuwa shughuli.

Mtoto atavitambuaje vitenzi hivi bila kukariri orodha? Dawa iko kwenye Kiswahili chenyewe. Uliza: "Anafanya nini?" Ukijibiwa "anachota maji" au "analima", swali limejibiwa. Ukijibiwa "anajua bei", utauliza tena, maana hujaambiwa anafanya nini. Hata "anataka maharage" haijibu swali hilo, inajibu "ana haja gani?" Wapo wanaopenda kipimo cha -ki-, yaani "nilimkuta akilima" inakubalika na "nilimkuta akijua" haikubaliki. Mimi sikitegemei, kwa sababu "nilimkuta akitaka kuondoka" ni Kiswahili safi, na kutaka kunapenya hapo bila kushikwa.

Swali hilohilo linamsaidia pia yule aliyesimama. "Anafanya nini?" "Amesimama." Jibu limetosha, ingawa halina -na-. Kusimama kwa Kiswahili ni kuingia katika msimamo, kwa hiyo -me- inasema ameshaingia na bado yumo. Kiingereza kina kitenzi cha kukaa ndani ya msimamo huo, na hicho kinakubali -ing. Ndivyo ilivyo kwa amevaa, amelala, amekaa na ameegemea. Mwalimu akifundisha vitenzi tuli bila kundi hili, atamwokoa mtoto kwenye "anajua" na kumtosa kwenye "amevaa".

Kosa la kumilikiwa lina asili nyingine kabisa.

```
This farm ____ to my father.
A. belongs   B. is belonging   C. is belong   D. belong
```

Kiswahili cha kila siku hakitumii kitenzi kikuu hapa. Tunasema "shamba hili ni la baba", basi. Mtoto anaibeba "ni" yake, anaitafutia mahali, na kuangukia C. Kwa hiyo anayechagua B na anayechagua C wote wamekosa, lakini hawana ugonjwa mmoja. Wa kwanza ameweka uendelezi pasipostahili. Wa pili hajagundua kwamba neno la Kiingereza limeshabeba "ni" na "la" kwa pamoja. Anayesahihisha kwa kuweka vema na mkasi tu hatalijua hilo. Ahesabu herufi walizochagua, ndipo ajue cha kurudia kufundisha.

Katika nyanda hizi kuna msaada mwingine ambao haupo Pwani. Waha wanazungumza Kiha, ndugu wa karibu wa Kirundi, na Warundi wenyewe walipokelewa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo, hasa kuanzia wimbi la mwaka 2015. Kirundi kimekugawa kujua mara mbili. Kupata kujua ni kumenya, kitenzi cha kawaida. Kuwa umeshajua ni mzizi -zi, kama katika "ndabizi", ninalijua. Na mzizi huo ni kilema, hauna hata umbo la kuanza na ku-. Anayetaka kulitaja tendo lenyewe hulazimika kurudi kwa kumenya. Kwa hiyo mtoto wa Kirundi amekizoea tangu nyumbani kitenzi kinachokataa baadhi ya maumbo. Na aliyesimama kwake ni "ahagaze", aliyevaa ni "yambaye", maumbo ya tendo lililokamilika, sawasawa na -me- yetu. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo akiuliza darasa "kwenu mnasemaje?", atapata mifano ambayo kitabu chake hakina.

Limebaki jambo moja la kuangalia. Baadhi ya vitenzi tuli hubadilika tabia vikibadilika maana. Kile cha "kuwa na" hakichukui -ing ukisema mtu ana shamba, lakini hukichukua ukisema yuko mezani anakula chakula cha mchana:

```
He has a farm.
He is having lunch.
```

Kile cha kudhani nacho kinakataa, lakini kikiwa na maana ya kuwaza jambo kwa muda kinakubali. Rudisha swali la "anafanya nini?" Anayekula amelijibu, mwenye shamba hajalijibu. Ndiyo maana ni afadhali mwanafunzi apewe kipimo kuliko orodha ya vitenzi ishirini vilivyobandikwa ukutani, kwa sababu kwenye orodha "kuwa na" imeandikwa mara moja tu.