Picha ya barabara: kibao cha mwendo kinavyotofautisha nchi ya maili na nchi ya kilomita

Wakala wa ajira anakutumia picha kwenye simu. Inaonyesha barabara ya lami, mashamba pande zote mbili na pikapu nyekundu imeegeshwa kando. Anasema hapo ni Kanada, karibu na shamba utakakofanya kazi, na kabla ya kukamilisha mambo anataka ada ya viza. Picha haiwezi kukuambia kama kazi hiyo ipo. Lakini pembeni mwa barabara kuna kibao cheupe chenye namba, na kibao hicho kinaweza kukuambia kama picha ilipigwa Kanada au la.

Kanada na Marekani ni rahisi kuzichanganya. Magari yanapita kulia katika nchi zote mbili, mistari ya njano inagawa barabara, alama za tahadhari ni za njano zenye umbo la almasi, na vibao vya kikomo cha mwendo ni vyeupe vya mstatili, si duara jekundu tulilolizoea Afrika Mashariki. Tofauti kubwa ni kipimo. Kanada ilibadilisha vibao vyake vya mwendo kuwa vya kilomita mwaka 1977. Marekani imebaki na maili.

Anza na maneno yaliyo juu ya namba. Kibao cha Marekani kimeandikwa SPEED LIMIT, na kwa kawaida maneno hayo yamepangwa mistari miwili, moja juu ya jingine. Cha Kanada kimeandikwa MAXIMUM, neno moja katika mstari mmoja. Neno hilo lina faida kwa nchi yenye lugha mbili rasmi, kwa sababu linasomeka vilevile kwa Kiingereza na Kifaransa. Mara nyingi chini ya namba huwa kuna km/h, ingawa si kila kibao kinayo. Hata picha ikiwa na ukungu kiasi kwamba herufi hazisomeki, bado unaweza kuhesabu mistari: miwili juu ya namba inaelekeza Marekani, mmoja unaelekeza Kanada.

Kisha tazama namba yenyewe. Vikomo vya Kanada kwa kawaida huishia na sifuri: 50 mjini, 80 au 90 kwenye barabara za mashambani, 100 au 110 kwenye barabara kuu. Marekani hupanda kwa tano tano, kwa hiyo utakutana na 25, 35, 45, 55 na 65. Ukiona 100 kwenye kibao cha kikomo, Marekani imeshatoka, maana kikomo cha juu kabisa huko ni maili 85 kwa saa, kwenye kipande cha barabara namba 130 ya jimbo la Texas. Namba ngumu ni kama 30, 40, 50, 60, 70 na 80, kwani zipo pande zote mbili. Hapo namba peke yake haitoshi, na inabidi urudi kwenye maneno au utafute kibao cha umbali.

Kibao cha umbali kina jambo moja ambalo wengi hawaligundui, nalo ni sehemu. Anayepima kwa maili huandika 1/2 MILE au 1/4 MILE kabla ya njia ya kutokea kwenye barabara kuu. Anayepima kwa kilomita hana haja ya nusu wala robo, kwa sababu ataandika 500 m au 2 km. Kwa hiyo sehemu kwenye kibao cha kijani ni dalili nzito ya maili, hata kama neno lenyewe limekatwa na ukingo wa picha.

Sasa turudi kwenye picha ya wakala. Tuseme kibao cheupe kinasomeka 45, na tawi la mti limefunika maneno, ila unaona kuna mistari miwili. Mbele kidogo kuna almasi ya njano yenye mshale wa kona, na chini yake kibao kidogo cha njano kilichoandikwa 35 M.P.H. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maili kwa saa. Hapa dalili tatu zinakubaliana: mistari miwili, namba inayoishia na tano kwenye kibao cheupe, na kipimo kilichoandikwa wazi kwenye kibao cha kona. Barabara hiyo ni ya Marekani, na mtu aliyesema ni Kanada ana swali la kujibu kabla hujatoa hata shilingi.

Angalia rangi kabla ya kutumia kanuni ya tano. Katika jimbo la Quebec, Kanada, vibao vya njano vinavyopendekeza mwendo kwenye kona huwekwa makusudi namba zinazoishia na tano, kama 35 au 55, ili dereva asizichanganye na kikomo cha kisheria. Ukiona 45 ya njano yenye km/h chini yake, usikimbilie kusema ni Marekani. Kanuni ni ya vibao vyeupe.

Kuna pia mahali ambapo kipimo cha mwendo na kipimo cha umbali havipatani. Barabara kuu ya I-19 huko Arizona, inayoshuka kutoka Tucson hadi mpaka wa Meksiko, ina vibao vya umbali vya kilomita, lakini kikomo cha mwendo ni cha maili. Puerto Riko nako ni hivyohivyo, isipokuwa maneno ya kikomo ni ya Kihispania. Ndiyo maana mtu makini hasomi kibao kimoja na kufunga mjadala. Na kibao kilichosimama ndani ya eneo la watu binafsi, kama uwanja wa kiwanda au geti la shamba, hakina uzito sawa na cha barabara ya umma. Mwenye eneo anaweza kuweka chochote.

Picha inayodaiwa kuwa ya Uingereza inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kibao cha huko ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, namba nyeusi katikati na hakuna kipimo chochote. 50 ya Uingereza inafanana sana na 50 ya Tanzania au Kenya, na magari yanapita kushoto kote huko, lakini ya Uingereza ni maili 50, yaani kilomita 80 hivi kwa saa. Kinachosaidia ni vibao vya umbali. Kazi za barabarani hutangazwa kwa yadi, na kifupi chake ni yds. Herufi m peke yake baada ya namba kwenye kibao cha umbali ni maili, si mita. Hapo ndipo wasomaji wa nchi za kilomita hujikwaa. Jirani yake, Jamhuri ya Ireland, ilihamia kilomita kwa saa tarehe 20 Januari 2005 na huandika km/h chini ya namba ndani ya duara. Ireland ya Kaskazini, ng'ambo tu ya mpaka, bado ni maili.

Na jina la mahali si kipimo. Kibao kilichoandikwa Maili Moja huko Kibaha kimebeba kumbukumbu ya enzi za maili. Dereva anayepita hapo anahesabu kilomita.