Wimbo wa Malaika katika Biblia Mbili

Kata ya Migato ilihesabiwa kuwa ya Bariadi mpaka mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa na Itilima ikawa wilaya yenye kujitegemea, na humo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Usukuma, si ajabu kukuta watu wa ukoo mmoja wakielekea makanisa mawili mbalimbali siku ya Noeli. Mmoja ni wa Africa Inland Church, mrithi wa kazi iliyoanza Nassa, kando ya Ziwa, ambako wamisionari wa CMS walifika mwaka 1888 na kuwaachia wenzao wa Africa Inland Mission mwaka 1909. Mwingine ni Mkatoliki, wa malezi ya mapadre wa Maryknoll waliofika pande hizi katika miaka ya 1950. Wote wawili watasikia siku hiyo wimbo ambao malaika waliwaimbia wachungaji, ulioandikwa katika Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 14. Lakini wa kwanza, aliye na Biblia ya mwaka 1952 mkononi, atasoma kwamba amani ni ya watu “aliowaridhia” Mungu, na wa pili, akiimba Utukufu katika Misa, atatamka kwamba ni ya watu “wenye mapenzi mema”. Jioni, sahani za pilau zikiisha kuondolewa, hapakosi mtu wa kuuliza ni nani aliyeyageuza Maandiko.

Jawabu ni kwamba hapana aliyeyageuza kwa hila. Tofauti hii ina nasaba ndefu, na mwenye kutaka kuilinganisha kwa haki hana budi kuifuata nasaba hiyo mpaka chimbuko lake, kwani maneno ya Kiswahili ni tawi la mwisho tu la mti ulioota mbali.

Kwanza Kiswahili chenyewe. Tafsiri za Biblia katika lugha yetu zilianza vipande vipande huko Mombasa, alikofika Ludwig Krapf mwaka 1844; mwenzake Johannes Rebmann aliifasiri Injili hii hii ya Luka, ikapigwa chapa mwaka 1876. Upande wa pili wa bahari, Askofu Edward Steere na wenziwe wa UMCA walifanya kazi katika Kiunguja, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Wa Mombasa nao wakatoa yao, ya Kimvita, mwaka 1914. Kisha mwaka 1937 ikatoka Biblia ya Karl Roehl, Mjerumani aliyeshika shauri la kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu, hata mahali wengine waliposema “amani” yeye akaweka “utengemano”. Sioni haya kusema kwamba shauri lile lilikuwa na bidii kuliko busara, maana neno lililokwisha kuzaliwa upya katika vinywa vya watu huwa limekuwa la watu hao, liwe lilitoka Maskati au Ujiji. Hata hivyo Roehl alikuwa mjuzi wa Kibantu, na waliompinga, akiwamo Kasisi Broomfield wa UMCA, walimpinga kwa hoja na kwa heshima. Haja ya kuwa na Biblia moja kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki ndiyo iliyozaa tafsiri ya Union: Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Nayo Biblia Habari Njema, iliyofanywa kwa ushirikiano wa makanisa, Wakatoliki wakiwamo, ilikamilika katika miaka ya 1990. Katika mstari wetu hiyo inasema watu “aliopendezwa nao” Mungu.

Basi tunayo maneno matatu: walioridhiwa, waliopendezwa nao, na wenye mapenzi mema. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema yako matatu na yote yanahitilafiana. Mwenye subira ataona kwamba mawili ya kwanza ni ndugu, na la tatu pekee ndilo lililotoka nyumba nyingine. Na hii ndiyo kazi ya kwanza ya kulinganisha, kutenga tofauti ya maana na tofauti ya mavazi. Njia yake si ngumu: uliza katika kila tafsiri ni nani mwenye kutenda. Katika “aliowaridhia” kiambishi cha kwanza ni cha Mungu, na watu ndio watendwa. Katika “aliopendezwa nao” ni Mungu vilevile aliyependezwa. Katika “wenye mapenzi mema” Mungu ametoka, na wema umekuwa mali ya watu wenyewe. Hapo ndipo penye mwachano wa kweli.

Mwachano huo ulitoka wapi? Tuingie katika Kiyunani, ambacho ndicho Luka alichoandikia. Neno lenyewe ni eudokia, yaani ridhaa, kupendezwa, nia njema. Nakala za mkono zimegawanyika juu ya herufi yake ya mwisho. Nyingi, hasa zile za zama za mwisho zilizonakiliwa katika makanisa ya Mashariki, zina eudokia, na hapo wimbo huwa na vipande vitatu: utukufu kwa Mungu, amani duniani, na ridhaa kwa wanadamu. Hii ndiyo iliyoingia katika Agano Jipya la Kiyunani alilolichapisha Erasmo mwaka 1516, na kwa njia hiyo ikaingia katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme Yakobo ya mwaka 1611. Lakini nakala chache zilizo kongwe zaidi zina eudokias, yenye sigma mwishoni, na sigma hiyo hulifanya neno liwe la kumiliki: watu wa ridhaa. Wimbo huwa vipande viwili tu.

Inastaajabisha jinsi kitu kidogo hivi kilivyoweza kupotea. Sigma ya siku zile iliandikwa mfano wa hilali, na pengine mwishoni mwa mstari iliandikwa ndogo mno, kiasi cha kudhaniwa kuwa nukta. Katika Nakala ya Sinai, ambayo Tischendorf aliiona katika monasteri ya Mtakatifu Katarina katika safari zake za 1844 na 1859, na katika Nakala ya Vatikani, zote mbili za karne ya nne, mwandishi wa kwanza aliiweka sigma, na msahihishaji aliyekuja baadaye akaiondoa. Nakala ya Aleksandria ni ya ajabu zaidi: ndani ya Injili ya Luka imeandika eudokias, lakini katika zile nyimbo za ibada zilizofuatishwa baada ya Zaburi, wimbo huu huu umeandikwa eudokia. Kitabu kimoja kimeshuhudia namna zote mbili, na ndipo tunapojua kwamba wimbo uliozoewa kanisani unaweza kwenda njia yake, usiufuate mwandiko.

Hapa msomaji wa Migato aweza kudhani kwamba amekwisha kuikamata siri, kwamba Wakatoliki walifuata nakala zisizo na sigma na wenzao zenye sigma. Sivyo kabisa. Kilatini alichokisahihisha Hieronimo mnamo mwaka 383, ambacho ndicho baba wa maneno “wenye mapenzi mema”, kilifuata nakala zenye sigma, sawasawa na Union na Habari Njema. Zote tatu zimetoka katika “watu wa ridhaa”. Zilizoachana si herufi bali ufahamu: ridhaa ya nani? Kiyunani hakikusema. Kilatini kilifahamika kuwa ni nia njema ya watu wenyewe. Wafasiri wa Kiswahili wa karne ya ishirini wakafahamu kuwa ni ridhaa ya Mungu. Na Kiswahili, ambacho kitenzi chake aghalabu hakisimami pasipo kiambishi cha mtenda au cha mtendwa, hakikuwaachia nafasi ya kunyamaza, ila wangeandika “watu wa ridhaa” na kumwacha mchungaji alifafanue mimbarini.

Je, upo ushahidi wa kuamua? Upo, na sehemu yake yaweza kukusanywa na mtu yeyote mwenye Biblia, pasipo kujua Kiyunani, akiyafuata maneno ya ukoo huo katika Luka yeye yule. Afungue sura ya 3, mstari wa 22, sauti inaposema juu ya Yesu aliyebatizwa: kitenzi ni cha shina hilo hilo, na mwenye kupendezwa ni Mungu. Aende 10:21: neno ni eudokia lenyewe, nayo ni ridhaa ya Baba. Aende 12:32, Baba anapoona vema kuwapa kundi dogo ufalme: shina lile lile, mtendaji yule yule. Luka ana desturi yake, na desturi hiyo yaelekea upande wa “aliowaridhia”. Fauka ya hayo, katika magombo yaliyoanza kuonekana mwaka 1947 kwenye mapango ya Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, zimo tenzi za Kiebrania zenye msemo wa wana wa ridhaa yake, yaani ya Mungu. Msemo wa namna ya Luka ulikuwapo, basi, katika vinywa vya Wayahudi wa zama zile, na maana yake haikuwa na shaka.

Msomaji atakayeifanya safari hiyo ya aya tatu ataona pia jambo la pili, ambalo ni la mavazi. Habari Njema imetumia “pendezwa” katika 2:14 na tena katika 3:22, hata sikio likauona udugu wa aya hizo. Union imesema “ridhia” hapa na “pendezwa” kule, udugu ukafichika. Kwa upande huu Habari Njema imeshinda. Lakini “ridhia” ina uzito wake. Kwa mtu wa pwani, aliyelelewa akitafuta radhi ya wazazi kabla ya safari na kabla ya ndoa, neno hilo limebeba baraka ya mkubwa kwa mdogo, jambo ambalo “pendezwa” halilifikishi. Kwa Msukuma aliyekipata Kiswahili shuleni, “ameridhia” aghalabu ni la taarifa ya serikali, Rais alipoidhinisha jambo, na ubaridi wa ofisi waweza kuingia katika wimbo wa malaika. Nadhani wafasiri wa 1952 waliandika wakisikia masikioni mwao Unguja na Mvita, si Bariadi, wala sioni kwamba ni kosa lao.

Ipo na tofauti nyingine ambayo hupita bila kutazamwa. Kiyunani cha mstari huu hakina kitenzi hata kimoja. Union imeuanza kwa “Atukuzwe” na kuongeza “iwe” mbele ya amani, na hivyo malaika wamekuwa wenye kuomba dua. Habari Njema imeweka jina “utukufu” na kuacha kitenzi, na malaika wamebaki kuwa wenye kutangaza. Zote mbili zaruhusiwa na asili, na mwenye kulinganisha asiihesabu tofauti hii kama ile ya mapenzi mema.

Na kuhusu Utukufu wa Misa, haki yataka upimwe kwa asili yake. Maneno yale hayakufasiriwa kutoka Luka wa Kiyunani, bali kutoka sala ya Kilatini, na kwa Kilatini kile yako sahihi. Wala ufahamu wa Kilatini haukuzuliwa bure, kwa maana Paulo, katika Wafilipi 1:15, anaandika eudokia hiyo hiyo juu ya watu wamhubirio Kristo, na hapo Union yenyewe imefasiri “nia njema”.