Mama anapomwandikia mtoto aliye mtu mzima

Katika Kibabi na vijiji vingine vya Masisi na Walikale, nyumba nyingi zina mtoto aliyeshuka Goma kusoma au kutafuta kazi. Simu ndiyo inayobaki kati yake na mama. Mama anasikia habari za masasi kabla ya kusikia sauti ya mtoto wake, na mtandao wenyewe haupatikani kila saa. Hofu hiyo ni ya kweli, na hatutamwambia mama yeyote aiache. Tunataka kuangalia jinsi anavyoiandika, kwa sababu mara nyingi mtoto anasoma ukali mahali ambapo mama alitaka kuandika woga.

Tuchukue mfano ambao tumeutunga, lakini wengi watautambua. Kijana ana miaka 23, anasoma Goma. Mama yake, aliye Kibabi, anamwandikia hivi:

«Uko wapi? Nimepiga mara saba haushike. Ulilala wapi jana? Nasikia uko na yule binti wa Himbi. Wenzako wanaita mama zao kila siku. Nilikuzaa, nikauza ng'ombe usome, sasa unanifanyia hivi. Uache hiyo nyumba leo urudi kwa baba yako mdogo Katindo. Usiponijibu situmi pesa. Unataka nife?»

Tuisome pole pole. Jambo moja tu ndilo lililomfanya mama ashike simu: jioni alisikia habari mbaya upande wa Sake, na mtoto hakupokea. Habari hiyo ya Sake haimo kabisa katika mesaji. Kijana hawezi kujua kwamba mama aliogopa. Anachoona ni kesi: alilala wapi, yuko na nani, anaishi wapi, ana deni gani. Kwa kila swali anahitaji kujitetea, na mtu wa miaka 23 anayetakiwa kujitetea mara tano kwa mesaji moja ataweka simu chini. Mama naye ataona ukimya huo kama dharau, na mesaji ya pili itakuwa kali zaidi.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia rahisi ya kupima. Angalia mwanzo wa vitendo: «uko», «ulilala», «unanifanyia», «uache», «urudi», «unataka». Karibu vyote vinamhusu mtoto, na viwili ni amri. Vile vinavyoanza na «ni» vipo, lakini «nilikuzaa, nikauza ng'ombe» ni hesabu ya deni, si habari ya moyo wa mama. Kwa hiyo haitoshi kubadilisha «u» kuwa «ni». «Ninaona unanidharau» inaanza na «ni», na bado ni mashtaka.

Kazi ya kwanza ni kuandika kile kilichotokea na kile mama alichosikia moyoni. Ya pili ni kubakiza ombi moja, ambalo linaweza kujibiwa kwa neno moja hata na mtu aliye njiani. Mengine yote yatoke. Mesaji inakuwa hivi:

«Mwanangu, jana jioni tulisikia habari ya masasi upande wa Sake. Nilikupigia mara saba, sikukupata, nikaogopa sana. Ukisoma hii uniandikie tu: niko salama. Mengine tutaongea siku ukiwa na nafasi. Mama.»

Mtu atauliza: binti wa Himbi amekwenda wapi? Hajafichwa. Jambo lake linahitaji mazungumzo ya watu wawili walio kimya, haliwezi kubebwa pamoja na habari ya masasi. Siku hiyo mama anaweza kuanza hivi: «Nimesikia habari fulani, na ningependa kuisikia kwako, kama unataka kuniambia.» Maneno «kama unataka» ni ya kweli tu ikiwa mtoto anaweza kujibu «bado, mama» bila kupigwa tena na simu.

Pesa nayo iwe peke yake. Januari 2025 M23 walipoingia Goma na banki zikafungwa, wanafunzi wengi walitegemea kile kidogo kinachopita kwa simu. Hapo kuandika «usiponijibu situmi» si neno dogo. Hata hivyo pesa ni ya mama, na ana haki ya kusema itafanya nini. «Nitalipa masomo mpaka mwisho wa mwaka, kodi ya nyumba sitaiweza» ni mpaka wake mwenyewe: anaongea juu ya mfuko wake, na anamwachia mtoto aamue atakaa wapi. Kitisho kinashika mfuko ili kuvuta maisha ya mtoto.

Kuna neno moja la kwetu kanisani ambalo lazima tuliguse. «Nakuombea» ni zawadi. «Nakuombea Mungu akufungue macho uache huyo binti» ni amri iliyovaa nguo ya Jumapili, na vijana wanaitambua mara moja.

Tukumbuke pia kwamba mama wengi hawaandiki wenyewe. Anaongea Kihunde au Kinyarwanda, na mdogo wa yule kijana, au jirani, anaandika kwa Kiswahili. Sauti yenye machozi inapotea njiani, yanabaki maswali tu. Tena jirani amekwisha kusikia habari zote za nyumba ya Goma, na kijana anajua hivyo. Hii ni sababu nyingine ya kuweka machache katika mesaji. Mwandishi naye amsomee mama maneno kabla ya kutuma, ili aseme kama ndiyo aliyokusudia.

Amri si mbaya kila wakati. «Usipite barabara ya Sake leo, kuna masasi» ni amri yenye sababu na mwisho wake, na mtoto mkubwa anaipokea vizuri kutoka kwa mama ambaye haamuru kila siku. Na tunayosema yanahusu mtoto mkubwa. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya 1987, inaweka utu uzima kwenye miaka 18, ingawa nyumbani kwetu asiyeoa bado anahesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Kwa msichana wa miaka 15 aliyepangishwa mjini, kuuliza alilala wapi ni wajibu.

Na kama jibu halifiki? Kwenye WhatsApp, alama moja inaonyesha kwamba mesaji haijafika kwenye simu yake: pengine moto umeisha au mtandao umekatika. Mama asihesabu hiyo kuwa dharau. Ni vizuri wawili hawa wapatane siku ya amani: kwa mfano, wakisikia vita kijana atatuma neno «salama» kabla ya saa sita mchana kesho yake, na akishindwa, mama atampigia mtu mmoja ambaye kijana mwenyewe amemchagua. Kutuma baba mdogo agonge mlango bila mapatano hayo kunarudisha yote nyuma.

Mahali pagumu zaidi ni pale jibu linapofika: «Niko salama, mama.» Maneno matatu, na mkono wa mama unataka kuuliza: salama wapi, na nani, mbona hukupokea? Akiuliza, kijana atajifunza kwamba hata kujibu kunaleta kesi, na siku ya masasi mengine atachelewa. Jibu linalofaa ni fupi kama lake: «Asante, mwanangu. Sasa nalala.»